Sitini na Tisa

Matokeo yalitoka saa tano asubuhi. Salma aliyasoma akiwa amesimama kwenye ngazi za maktaba, simu mkononi, watu wakimpita huku na huku. Tasnifu: 69. Chini yake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba distinksheni huanzia 70.

Kabla ya machozi ilitangulia hesabu. Alifungua karatasi ya mgawanyo wa alama akajumlisha palepale: mapitio ya maandiko 17 katika 30, mbinu za utafiti 18 katika 20, uchambuzi na mjadala 18 katika 30, uandishi na marejeo 16 katika 20. Jumla ilikuwa sahihi. Akaanzia chini kwenda juu, ikatoka ileile.

Jioni alimpigia mama yake.

"Sasa hiyo sitini na tisa ndiyo kufeli?"

"Hapana, mama. Nimefaulu, tena vizuri."

"Mbona basi sauti imeshuka hivyo?"

"Imepungua alama moja, mama. Moja tu."

Mama alinyamaza kidogo. "Pole, mwanangu. Bora hata zingekuwa kumi."

Alisema kweli. Aliyekosa kwa alama kumi hulala, kwa sababu anajua alikoachwa. Wa alama moja hukesha akitafuta ni wapi ilipodondoka, na kila ukurasa unaonekana kuwa ndio ulioiba.

Salma alikesha. Mrejesho wenyewe ulikuwa kurasa mbili za maelezo ya jumla, pamoja na nakala ya tasnifu yenye maoni pambizoni. Usiku ule aliusoma kama mtu anayetafuta hati ya kudai deni. Akaipata: "Vyanzo viwili vilivyotajwa ndani ya matini havimo kwenye orodha ya marejeo." Viwili! Kazi ya dakika tano. Akafungua kanuni za mitihani kuona kama mtu anaweza kukata rufaa. Rufaa ilikuwepo, ila kwa makosa ya utaratibu: hesabu iliyokosewa, ugonjwa ulioripotiwa ukapuuzwa, mtahini aliyekiuka mwongozo. Uamuzi wa kitaaluma wa mtahini haukatiwi rufaa. Na watahini walikuwa wawili, kila mmoja alisahihisha peke yake kabla ya kukubaliana.

Neema, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, aligeuka kitandani. "Dada, zima taa. Hiyo karatasi umeshaisoma mpaka imechoka."

"Bado sijaielewa."

"Utaielewaje wakati umeishika kwa hasira?"

Siku zilizofuata aliendelea kuisoma, asubuhi na jioni, hadi akaona anaijua neno kwa neno. Hapo ndipo kitu kikamgutusha. Tasnifu yake ilihusu jambo hilihili: tofauti kati ya kusoma tena na kujikumbusha. Alikuwa amegawa wanafunzi 64 katika makundi mawili. Kundi moja lilisoma makala na kuirudia; jingine lilisoma mara moja, likafunga karatasi na kuandika yote linayoyakumbuka. Alijua vizuri kwamba kurudia kusoma humfanya mtu ajione anajua. Na yeye alikuwa akirudia kusoma.

Akaifungia karatasi ya mrejesho kwenye droo. Akachukua daftari tupu, akaandika kila alichokumbuka.

Yalitoka mambo manne. Vyanzo viwili. Sentensi ndefu kwenye utangulizi. Neno "pungufu" lililokuwa kwenye maelezo ya mapitio. Jedwali la 2 kukosa kichwa. Alipotoa karatasi na kulinganisha, uso ulimwaka moto. Maoni yaliyobeba uzito hayakuwemo hata moja. Alikuwa amehifadhi kila kilichoweza kurekebishwa kwa dakika tano, na kuachia kila kilichohitaji kufikiri. Hata sifa hazikuwemo: mtahini wa kwanza aliandika kwamba mpango wa jaribio lake ulikuwa "makini kuliko ninavyozoea kuona katika ngazi hii," na sentensi hiyo ilimpita mara zote hizo kama upepo.

Kisha akaangalia tena namba, safari hii kwa jicho jingine. Siku zote alikuwa akitafuta alama moja. Zilizokosekana zilikuwa 31, na 25 kati ya hizo zilipotea sehemu mbili tu: mapitio na mjadala. Orodha ya marejeo, hata ingekuwa safi kabisa, isingeongeza zaidi ya alama nne.

Alichapisha upya kurasa zote zenye maoni, akazitandaza sakafuni kwa mpangilio wake, bila kusoma alichoandika yeye. Alisoma pambizo peke yake, toka juu hadi chini.

Ukurasa wa 14: "Kisha?"

Ukurasa wa 19: "Na wewe unasemaje?"

Ukurasa wa 23: "Nilisubiri uamuzi wako hapa."

Ukurasa wa 27: "Wanakubaliana kweli?"

Yakitazamwa moja moja, yalikuwa maswali ya mtu mwenye haraka. Yalipokaa pamoja, yalikuwa swali moja linaloulizwa na msomaji anayezidi kukata tamaa. Salma akaangalia kila swali limekaa wapi. Yote yalikuwa mwishoni mwa aya, na kila moja ya aya hizo ilimalizika na jina la mtu mwingine na mwaka kwenye mabano.

Akachukua ile ya ukurasa wa 27, akaisoma kwa sauti:

"Ebbinghaus (1885) alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema, kisha kasi ya kusahau hupungua. Vilevile, Roediger na Karpicke (2006) waligundua kwamba wanafunzi waliojikumbusha walihifadhi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena (Roediger na Karpicke, 2006)."

Neema, aliyekuwa akichana nywele, akasema, "Imekaa vizuri."

"Imekaa vizuri, lakini mimi simo."

"Vilevile" ndilo lililomchoma. Aliliweka pale kuunganisha sentensi mbili, bila kujiuliza kama zinaunganika. Ebbinghaus alijipima mwenyewe, peke yake, kwa silabi zisizo na maana, na kipimo chake kilikuwa kiasi cha juhudi alichookoa alipojifunza upya orodha ileile. Roediger na Karpicke walitumia makala zenye maana, wanafunzi wengi, na kipimo chao kilikuwa mambo ambayo mwanafunzi aliweza kuyaandika kutoka kichwani mwake. Vitu viwili tofauti, vimefungwa kwa neno moja.

Alianza kuiandika upya. Rasimu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ya mwanzo, imejaa "mimi naona" na "kwa maoni yangu," kana kwamba kujitaja ndiko kutoa hoja. Akaifuta. Iliyobaki baada ya saa kadhaa ilikuwa hii:

"Mchoro wa usahaulifu wa Ebbinghaus (1885) hunukuliwa mara nyingi kama sheria ya kumbukumbu yote, ilhali unatokana na mtu mmoja na silabi zisizo na maana. Hauwezi kutuambia peke yake jinsi mwanafunzi anavyosahau makala anayoielewa. Roediger na Karpicke (2006) wanatusogeza karibu zaidi na darasa, kwa sababu walitumia makala, na wanaonyesha kwamba namna ya kujifunza hubadili kiasi kinachopotea. Kwa hiyo utafiti huu unauliza nini kinapunguza kusahau, badala ya kuuliza tunasahau kwa kasi gani."

Haikuongeza chanzo hata kimoja.

Maoni yaliyomtesa zaidi yalikuwa ya ukurasa wa 41, kando ya Jedwali la 4. Jedwali lilionyesha kwamba baada ya wiki moja, kundi la kujikumbusha lilikumbuka asilimia 57 na kundi la kusoma tena asilimia 44. Chini yake Salma aliandika mstari mmoja: matokeo yanaafikiana na tafiti zilizotangulia. Mtahini wa pili alizungushia namba za safu ya kwanza, ambazo Salma hakuzigusa kabisa, akaandika: "Dakika tano baada ya somo, waliosoma tena ndio walioongoza, 79 kwa 70. Hili ndilo jambo kubwa kwenye tasnifu yako. Mbona umelipita?"

Alilipita kwa sababu liliharibu hadithi. Alitaka kujikumbusha kushinde mwanzo hadi mwisho. Lakini hata mwaka 2006 ilikuwa hivyo: baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, baada ya wiki wakaachwa nyuma. Alikuwa ameusoma utafiti huo mara nyingi, na jaribio lake mwenyewe limetoa mgeuko uleule, akaufunika kwa mstari mmoja.

Wiki iliyofuata aligonga mlango wa msimamizi wake.

"Karibu, Salma. Pole na ile moja."

"Ahsante, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya rufaa, nikwambie mapema..."

"Sikuja kwa rufaa." Akaweka mezani karatasi tatu: aya ya zamani, aya mpya, na ukurasa wa 41.

Mwalimu alisoma ile ya zamani haraka, mpya taratibu. Akachukua kalamu. Salma alitegemea sifa. Mwalimu akagonga kwa kalamu jina la Ebbinghaus.

"Unamwondoa kirahisi sana. Murre na Dros walirudia jaribio lake, wakachapisha mwaka 2015, na mchoro ukatoka karibu na uleule. Hao unawaweka wapi?"

Mwezi mmoja kabla angesema atawaongeza kwenye orodha.

"Nao walimpima mtu mmoja, mwalimu, kwa silabi zisizo na maana vilevile. Wamethibitisha kwamba mchoro wake ni wa kweli kwa kitu alichokipima. Mimi sibishani na mchoro. Nabishana na wanaouhamishia kwenye makala."

"Basi hilo liandike. Hapa halimo." Akafikia karatasi ya tatu. "Na huu mgeuko wa Jedwali la 4, unaueleza vipi?"

"Nadhani ndio unaowadanganya wanafunzi. Wanasoma tena, wanajipima palepale, wanajiona wako mbele. Hawajui kitakachotokea wiki ijayo."

"Unadhani."

"Siku ya kwanza niliwauliza wote: wiki ijayo utakumbuka asilimia ngapi?"

Mwalimu akainua macho. "Sijaona hilo kwenye tasnifu."

"Liko Kiambatisho C. Niliyakusanya majibu, sikuyachambua. Niliona yananitoa nje ya mada."

"Salma! Nje ya mada?" Mwalimu aliisogeza kompyuta katikati ya meza ili wote waone. "Fungua. Kundi la kusoma tena kwanza, makadirio upande huu, alichokumbuka kweli upande huu."

Faili lilifunguka, majibu 64, kila mstari mwanafunzi mmoja.

"Anza na waliojipa tisini kwenda juu," mwalimu alisema. "Hao tuwaone wiki moja baadaye walikuwa wapi."

Salma akapanga safu kuanzia kubwa kwenda ndogo, akaanza kuwasoma.