Mzee Salio

"Nasikia hapa mnaniuza."

Hivyo ndivyo alivyoanza, hata hatujawahi kumwamkia. Mzee mrefu, kanzu imepauka mabegani, kapu la ukili mkononi. Mimi nilikuwa nimeinamia simu ya mama mmoja nabandua kioo kilichopasuka, na kioo ukikibandua kwa haraka unaondoka na kila kitu. Nikainua uso nimwambie mzee amekosea kibanda, maneno yakanikwama. Sura ile nilikuwa naiona kila siku kwa miezi saba. Ilining'inia nyuma ya kisogo changu kwenye msumari, katikati ya bibi harusi wa Tandika na timu nzima ya vijana wa bodaboda.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nani kati yenu ananiuza?"

Hashimu akaweka brashi chini.

Kibanda chetu kiko Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mwavuli mmoja watu wawili. Mimi fundi simu, Hashimu mchoraji. Tulianza kukaa pamoja mwaka 2020, watalii walipokatika na korona. Kabla ya hapo alikuwa anachora tembo na twiga na ndege wa madoadoa, ile kazi ya Tingatinga, na hakuchoka kutukumbusha kwamba marehemu Edward Saidi Tingatinga alitoka kwao Tunduru na alianza kwa rangi za kupaka baiskeli. Tembo waliposusiwa, akawahamia watu. Mteja anakuja na picha kwenye simu, ananirushia mimi, kwa sababu simu ya Hashimu ni kitochi hadi leo. Ananiazima yangu, anaikuza picha kwa vidole viwili mpaka jicho linageuka viraba, halafu anaguna kama daktari.

Kazi yake inaanzia nyuma. Kwanza anaifunika hadibodi rangi moja, bluu ya bahari au njano ya embe dodo, anaichanganya na nyeupe kadiri anavyoshuka ili chini ipauke. Anaianika juani, na hapo ndipo ninapolipia pango langu, maana mimi ndiye mfukuza vumbi. Ikikauka ndipo anamleta mtu. Paji la uso analipiga mwanga wa bluu, mashavu anayatia chungwa, na ukikaa karibu unaapa amekosea. Rudi nyuma hatua nne, mpaka ugongane na muuza soksi, utaona mtu anapumua.

Picha ya huyu mzee ililetwa na kijana anayeitwa Idrisa. Bei elfu arobaini, akaacha kianzio elfu ishirini, akasema wiki ijayo anakuja kuchukua. Wiki ikaja bila Idrisa. Nikapiga namba, haipatikani. Nimemsevu "Idrisa Picha Salio 20", na ndiyo sababu mtaa mzima ukambatiza mzee wa ukutani jina. Wapagazi wakipita na maroba wanapiga saluti, "Shikamoo Mzee Salio!" Muuza kahawa alikuwa akimwambia bei ya dola. Kuna dada alitaka kumnunua eti amefanana na mjomba wake, Hashimu akakataa, ingawa siku hiyo hatukuwa tumeuza hata kava. Mimi nilimlaumu waziwazi. Hadibodi ni pesa, ningekuwa mimi ningeshampaka bluu juu kwa juu nikachora mtu mwingine.

"Hatukuuzi, baba," Hashimu alisema. "Unamsubiri aliyekuagiza."

"Msukuma mkokoteni mmoja wa kwetu Kivinje alikuja msibani juzi. Kaniambia mbele za watu: mzee, upo Kariakoo unauzwa. Nimepanda basi na giza." Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa ubao. "Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Mbona nimekuwa bluu?"

"Hilo ni jua, baba. Limekupiga pajini."

"Jua la wapi hilo la bluu?" Akarudi nyuma, akamgonga muuza soksi, akasimama. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, taratibu kuliko mwanzo, "Na mimi sicheki. Nani kakwambia mimi nacheka?"

Kweli, kwenye simu hakuwa anacheka. Picha ile ilipigwa mdomo uko wazi na kidole kiko juu, mtu yupo katikati ya kugomba. Aliyekuwa anagombwa ndiye aliyeshika simu.

Mzee akainua mkono akashika sikio lake la kushoto. Ndipo na mimi nikaliona. Juu halikuwa na ncha, lilikuwa limechanika na kupona vibaya, nyama imejikunja kama ukingo wa chapati iliyoungua. Kwenye ubao sikio lilikuwa zima, la mviringo, limetiwa mstari mwembamba wa waridi kwa ndani. Hashimu alilihangaikia kutwa nzima sikio hilo.

"Na hili mmelitoa wapi?"

Hashimu akanitazama. Nikakumbuka. Sijui nilisahau vipi miezi yote ile, ila mtu mwenye simu za watu sabini kichwani husahau. Idrisa hakuwa ameandika maelezo, alirekodi sauti. Nikapekua. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sekunde 41, bado uko pale chini ya picha.

"Mzee, hii hapa. Msikilize mwenyewe."

Hakutaka nimwekee spika. Aliichukua simu akaibana kwenye sikio lile lile bovu, akatupa mgongo. Lakini sauti ya simu yangu nimeiongeza mwenyewe kwa ufundi wangu, kwa hiyo tulisikia.

"Fundi, mwambie bro hivi. Mzee mfunge mdomo. Acheke kidogo, asicheke sana, atakuwa si yeye. Kofia iwe ile ya kijani, hiyo aliyovaa hapo kaazima. Halafu sikio la kushoto... umeliona eh? Hilo mwekee zima. Usiniulize. Mwekee tu zima. Nataka nimpelekee kabla sijasafiri, nikimwachia mama tu atampa. Haya, wiki ijayo."

Simu ikanyamaza. Mzee hakuitoa sikioni. "Irudishe mwanzo," akasema. Nikairudisha. Akasikiliza tena. Mara ya tatu aliniomba kwa kidole tu, hakusema.

Mama mwenye kioo akaanza kuulizia simu yake, nikampa ishara avute subira, na kwa namna ya ajabu akavuta. Mama wa Kariakoo.

"Yuko Maskati," mzee akasema baadaye, akinirudishia simu kwa mikono miwili kama anayerudisha sahani. "Nilisikia kwa watu. Hakuniaga. Tulikuwa tumegombana, mimi na yeye, habari ya dau. Nilimwambia ukiliuza dau usinijue." Akakaa kwenye ndoo ya wateja bila kukaribishwa. "Alikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunavua kwa mshipi. Akarusha, hajatazama nyuma. Ndoana ikanikamata hapa. Na kulikuwa na kusi siku hiyo, dau lilikuwa linayumba, hata mtu mzima angekosea."

Tukanyamaza. Hashimu akamumunya mpini wa brashi.

"Nilimwambia haikuuma," mzee akaongeza. "Iliuma kweli."

Nikampigia Idrisa tena pale pale, kwa namba ile ile. Haipatikani. Nikaipiga picha ile picha, nikaituma kwa namba hiyo, ikaweka tiki moja. Mzee akauliza tiki moja ni nini, nikamwambia imetoka kwangu ila haijafika kwake. Akatikisa kichwa kama mtu anayezijua barua za namna hiyo.

Halafu akasimama, akatoa fundo la kitambaa mfukoni, akaanza kulifungua kwa meno.

"Salio ishirini, siyo?"

"Acha tu, baba," Hashimu akasema. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Saba mara thelathini ni siku mia mbili na kumi za kumfuta vumbi mtu yule!

"Kazi ya mtu hailiwi bure. Ila sichukui hivyo. Nirudishie sikio langu."

"Lipi?"

"Hili." Akaligeuzia mwanga. "Lilivyo. Akirudi akalikuta zima ukutani atadhani nililikubali."

Sasa Hashimu ni mtu wa simu. Miaka yote ile sijamwona akimchora mtu aliye hai mbele yake. Alimketisha mzee kwenye ndoo, ubavu kwa ubavu na ubao, akachanganya kahawia kwenye kifuniko cha blubendi, akamkodolea macho. Mzee alikuwa akitikisika kwa pumzi, anameza mate, nzi anatua anaondoka. Picha za simu hazifanyi hivyo. Hashimu akasogea, akarudi. Akasogea tena. Kisha nikaona vidole vyake viwili vikinyanyuka, kidole gumba na cha shahada, vikaenda hewani mbele ya sikio la mzee na kupanuka, aikuze.

Haikukua.

Nilicheka mpaka bisibisi ikanidondoka. Mzee hakuelewa, lakini pembe moja ya mdomo wake ilipanda, kidogo tu, si sana, na Hashimu, akiwa bado amevishika vidole vyake kwa aibu, akaigeukia picha upesi na kuurekebisha mdomo kabla ya kuligusa sikio. Kumbe mdomo nao ulikuwa umepinda upande usio wake miezi yote ile.

Sikio lilichukua saa nzima. Alilikata juu kwa rangi ya ukuta, akalikunja, akalitia kovu kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Lile waridi la ndani aliliacha. Mzee alilitazama, akalishika la kwake, akalitazama tena.

"Hapo sawa," akasema. Akahesabu noti za elfu mbili mbili, kumi, na kutoka kwenye kapu akatupa fungu la ng'onda ambao jioni ile walinukisha mwendokasi mzima.

Rangi ya mafuta haikauki kwa saa moja, kwa hiyo tulimwomba alale kwa ndugu, aje kesho. Hakutaka, basi la Kilwa linamsubiri Rangi Tatu. Tukamwonyesha namna ya kubeba: ashike kingo kwa viganja, uso uangalie mbele, kapu alipachike kiwikoni. Akaondoka hivyo kuelekea Msimbazi, akiwa amejibeba kifuani mwenyewe, watu wakimpisha wasije wakachafuka.

Kwenye kona wapagazi walikuwa wanateremsha maroba ya mchele. Wakamwona wa ukutani anatembea. Wakatua mizigo, saluti tano kwa pamoja.

"Shikamoo Mzee Salio!"

Akasimama. Hakujua ni yupi anayeamkiwa, akainamisha macho kumtazama yule wa kijani, kisha akawatazama wao.

"Marahaba," tukamsikia. "Nimeshalipwa."