Jaribio la Kemia, Kidato cha Tatu: Kuzimua Myeyusho na Hesabu za Molariti

Tuisheni ya jioni, Malindi. Muda: dakika 40. Alama: 20. Kikokotoo ruhusa, simu hapana. Uzito wa atomu: Na = 23, Cl = 35.5. Onyesha njia, jibu lililoanguka kutoka mbinguni bila hesabu lina alama moja tu.

MASWALI

1. Mama anayeuza juisi ya ukwaju ana lita 2 za ukwaju mzito, ambamo sukari ina molariti ya 0.90 M. Anataka kuiongeza maji hadi sukari ifike 0.30 M. (a) Kuna moli ngapi za sukari? (b) Juisi itakuwa lita ngapi kwa jumla? (c) Ameongeza maji kiasi gani? (alama 4)

2. Wanafunzi wawili wamepewa kila mmoja 25 ml za asidi ya haidrokloriki ya 2.0 M. Wa kwanza anaimimina kwenye chupa ya kupimia ya 250 ml, kisha anajaza maji hadi kwenye mstari wa shingoni. Wa pili anaitia kwenye bika, kisha anaongeza 250 ml za maji. Tafuta molariti ya kila mmoja. (alama 4)

3. Kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni, maji ya bahari hutiwa kwenye vidimbwi yakaushwe na jua. Chukua lita 1,000 za maji hayo, zenye sodiamu kloraidi ya takriban 0.47 M. (a) Kuna moli ngapi? (b) Molariti itakuwa ngapi maji yakibaki lita 200? (c) Yakibaki lita 100? (d) Mwanafunzi mmoja ameandika kuwa yakibaki lita 50, molariti ni 9.4 M. Katika joto la kawaida, maji yaliyoshiba chumvi hii hayapiti takriban 5.4 M. Kosa lake liko wapi? Kadiria kilo za chumvi zilizolala chini ya kidimbwi. (alama 6)

4. Unatakiwa kutengeneza 500 ml za asidi ya salfuriki ya 0.10 M kutoka kwa asidi kali ya 18 M. Utachukua kiasi gani cha asidi kali, na utaanza kutia nini kwenye chombo? (alama 3)

5. Umechanganya 100 ml za maji ya chumvi ya 0.50 M na 300 ml za maji ya chumvi ile ile ya 0.10 M. Molariti ya mchanganyiko ni ngapi? (alama 3)

MAJIBU NA MAELEZO

Nimesahihisha karatasi zote, na wengi wenu mnaijua fomula:

```
C1 × V1 = C2 × V2
```

Mnaiimba hata usingizini. Tatizo ni kwamba mnaikamata kabla hamjajiuliza moli ziko wapi. C × V si kitu kingine ila idadi ya moli. Fomula inasema tu kwamba moli zilizokuwemo kabla ya maji kuongezwa ndizo zilizomo baadaye. Kama hilo si kweli kwenye swali lako, fomula haikufai.

Swali la 1 halikumsumbua mtu mpaka (c). Moli = 0.90 × 2 = 1.8. Jumla ya juisi = 1.8 ÷ 0.30 = lita 6. Maji aliyoongeza ni lita 4, si 6, kwa sababu lita 2 alikuwa nazo tayari. Kuna aliyeuliza kuhusu barafu. Swali zuri! Barafu ikishayeyuka ni maji, basi nayo inazimua. Ndiyo maana gilasi uliyokaa nayo ukizungumza nusu saa barazani huwa na ladha ya maji mwishoni, na sukari yote bado imo humo humo.

Swali la 2 ndilo lililowaangusha. Moli ni zile zile kwa wote wawili: 0.025 × 2.0 = 0.050. Wa kwanza ana ujazo wa mwisho wa 250 ml, kwa hiyo 0.050 ÷ 0.250 = 0.20 M. Wa pili ameongeza 250 ml juu ya 25 ml alizokuwa nazo. Ujazo wake wa mwisho ni 275 ml, na 0.050 ÷ 0.275 inatoa takriban 0.18 M. Zaidi ya nusu ya darasa wameandika 0.20 M kwa wote wawili. Someni neno kwa neno: "jaza hadi 250" na "ongeza 250" ni mambo mawili mbalimbali. V2 ni ujazo wote ulio chomboni mwishoni, si maji uliyoyaongeza. Tena bika haina mstari wa kuaminika. Ile mistari ya ubavuni ni ya kukisia. Atakaye 0.20 M kamili atumie chupa yenye mstari shingoni, akisoma jicho likiwa sawa na mstari.

Swali la 3 nililipenda mimi mwenyewe, maana hapa maji yanapungua badala ya kuongezeka, na hesabu ni ile ile. Jua la Gongoni huchukua maji tu, chumvi huiacha. Moli = 0.47 × 1,000 = 470. Kwenye lita 200: 470 ÷ 200 = 2.35 M. Kwenye lita 100: 4.7 M.

Sasa (d). Hesabu ya 470 ÷ 50 = 9.4 haina kasoro, lakini maji hayakubali. Yakishashiba, chumvi inayozidi hutoka na kuwa fuwele. Moli 470 bado zimo kidimbwini, ila si zote zimo kwenye myeyusho, na molariti huhesabu zilizoyeyuka tu. Zilizoyeyuka ni 5.4 × 50 = 270. Zilizobaki, 470 − 270 = 200, zimelala chini. Moli moja ni gramu 23 + 35.5 = 58.5, hivyo 200 × 58.5 = gramu 11,700, yaani karibu kilo 11.7. Ni kadirio, kwa sababu bahari ina chumvi nyingine pia: kalsiamu kaboneti na jasi hutangulia kutuama, na chumvi yetu ya mezani huanza kutoka maji yanapobaki karibu sehemu moja ya kumi. Linganisheni na jibu lenu la (c) muone yalivyokaribia kushiba.

Swali la 4: V1 = 0.10 × 500 ÷ 18, takriban 2.8 ml. Anza na maji, kisha tia asidi polepole ukikoroga, acha ipoe, ndipo ujaze hadi 500 ml. Ukimwagia maji kwenye asidi kali, joto linalotoka huweza kuyachemsha papo hapo na kukurushia asidi usoni. Aliyeandika kinyume nimempa sifuri kwenye sehemu hiyo, hata kama hesabu yake ni safi. Sitabadilisha.

Swali la 5: hapa moli zimeingia kutoka pande mbili, basi zijumlishwe. 0.100 × 0.50 = 0.050, na 0.300 × 0.10 = 0.030. Jumla 0.080, ndani ya lita 0.400, inatoa 0.20 M. Waliojumlisha 0.50 na 0.10 kisha wakagawa kwa mbili wakapata 0.30 M wamesahau kwamba ile nyepesi ilikuwa nyingi mara tatu.

Aliyekosa la 2 alirudie kwa 10 ml za asidi ya 5.0 M: mara moja akijaza hadi 100 ml, mara nyingine akiongeza 100 ml. Nataka majibu yote mawili mezani Alhamisi, kabla ya adhana ya magharibi.