Mrejesho wa usaili: waombaji sita, Msimamizi wa Ubora (Mapokezi ya Nafaka), Kibaigwa

Bi. Rehema, habari za kazi.

Nakushukuru kwa kutuletea waombaji sita ndani ya siku kumi. Tumemaliza usaili jana jioni, nami nimeona ni vyema nikuandikie leo kabla mambo hayajapoa, kwa sababu mahindi mapya yameanza kuingia sokoni na nahitaji mtu wa pili awe getini kabla ya katikati ya Juni. Kwa kifupi, tumempata mmoja wa kuajiri mara moja, mmoja tunamweka akiba, na wanne hatutaendelea nao. Aliyetufaa zaidi ni yule uliyemweka namba tano katika orodha yako, huku namba moja na namba mbili wakiwa hawakukaribia. Ningependa tulitazame hilo kwa makini, maana kosa lilianzia katika maelezo ya kazi niliyokupa mimi mwenyewe. Niliandika kwamba tunatafuta mtaalamu wa ubora wa chakula, nawe ukanitafutia wataalamu wa maabara, kama ambavyo mtu yeyote angefanya.

Kazi yenyewe inafanyika kwenye mizani na kwenye mlango wa ghala. Lori moja linaweza kuleta magunia 300, na msimamizi ndiye anayeamua kama yanashushwa au yanarudi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi mikrogramu 5. Kipimo cha haraka tunacho, na mtu makini hufundishwa kukitumia kwa siku mbili. Kilicho kigumu ni sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi katika maji. Punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, na magunia mawili yaliyopandana yanaweza kutofautiana kabisa. Ukichota vibaya, kipimo kitakupa jibu sahihi la punje ambazo hazikuwa na tatizo, nawe utashusha mzigo mbovu ukiwa na karatasi safi mkononi.

Kwa hiyo usaili tuliufanyia kwenye sakafu ya mapokezi. Tulipanga magunia 60, na katika manne ya katikati, yasiyoonekana kwa nje, tukaweka mahindi yenye unyevu wa asilimia 16. Kila mmoja alipewa bambo la kuchomea gunia na kutoa punje, kipima unyevu, ndoo na turubai, akaambiwa ana dakika 30 za kutuletea sampuli ya kilo mbili na kutueleza kama angeshusha mzigo.

Mwombaji wa kwanza ana shahada nzuri ya sayansi ya chakula na miaka minne katika maabara ya kiwanda cha vinywaji. Alituuliza sampuli italetwa na nani. Tulipomwambia ni yeye, alichoma magunia matatu yaliyokuwa karibu na mlango, yote kwa urefu wa kifua chake, akapima, akaandika matokeo kwa mwandiko safi sana na kupitisha mzigo. Hakukosea chochote mezani, nami nakuomba usimpoteze, kwani tukifungua nafasi ya maabara mwakani ningependa kumwona tena. Kwa nafasi hii hafai.

Wa pili ameandaa mifumo ya usimamizi wa usalama wa chakula kwa viwanda kadhaa na anaijua vizuri kuliko mimi. Hata hivyo anatafuta kazi ya kuongoza watu, na mshahara anaoutaka unakaribia mara mbili ya wetu. Hilo lingejulikana kwa simu moja kabla hajasafiri kutoka Dar es Salaam.

Wa tatu ni mhitimu wa mwaka jana. Alichukua magunia saba kwa mpangilio aliobuni mwenyewe, akakosa yale mabovu, na tulipomwonyesha hakutafuta sababu ya kujitetea. Aliomba arudie, akapanda juu ya magunia, akayafikia. Huyu ndiye wa akiba. Ikiwa hatutapata mwenye uzoefu kwa nafasi ya pili, nitamchukua kwa miezi sita ya majaribio nimfundishe mwenyewe.

Kuhusu wa nne nitasema wazi, kwa sababu ningependa mwenendo huu tuukamate mapema katika raundi ijayo. Tulimuuliza angefanya nini iwapo mzigo wa mteja mkubwa umetoa mikrogramu 14. Alijibu kwamba angeuchanganya na mzigo mzuri mpaka kiwango kishuke, akaeleza jinsi walivyokuwa wakifanya hivyo alikotoka. Alizungumza kwa utulivu kama mtu anayeeleza ujuzi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mkoa huu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara, wengine wakiwa watoto, na chakula kilichowaua kilikuwa mahindi kama haya tunayonunua. Mtu anayeona kuchanganya ni ufumbuzi siwezi kumpa funguo za ghala, awe na vyeti vingapi. Mwombaji wa sita hakufika. Alituambia kwamba alielekezwa ofisi yetu ya Dodoma mjini, hivyo naomba ujumbe wa mwaliko utaje kiwanda cha Kibaigwa waziwazi.

Sasa nije kwa wa tano. Ana stashahada ya kilimo na miaka sita kama karani wa ghala la korosho huko kusini, katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Wasifu wake ni ukurasa mmoja usiopambwa, na naelewa kwa nini ulikaa chini. Kabla ya kushika bambo alizunguka rundo lote, akainama kunusa magunia ya chini, akauliza mzigo umetoka wapi na ulilala wapi njiani. Kisha akamwomba kuli ashushe safu mbili za juu. Alichoma magunia 14, mengine ubavuni na mengine chini kabisa, na kila mara aliingiza bambo mdomo ukiwa chini, akaugeuza ndani ili punje za katikati ziingie. Alipofika kwenye gunia la pili kati ya yale manne alisimama, akamimina punje kiganjani, akaziuma mbili, akasema, "Haya hayakukaushwa na wenzake." Baada ya hapo akamwaga sampuli yote kwenye turubai, akaichanganya, akaigawa kwa robo, akachukua robo mbili zinazotazamana na kurudia mpaka akabaki na kiasi tulichotaka. Nusu aliifunga pembeni na kuiandikia tarehe.

Tulimuuliza pia swali la dalali: kipimo kimetoa mikrogramu 11, dalali anasema chota tena, na nyuma kuna foleni ya malori matano. Alisema angepima tena sampuli ileile aliyoitunza, mbele ya dalali, na likibaki 11 lori linageuka. Kuchota upya mpaka lipatikane jibu zuri, alisema, ni kumtafutia dalali tiketi. Hakuna kati yetu watatu aliyekuwa na swali lingine. Tafadhali mpigie leo. Tunampa shilingi 1,150,000 kwa mwezi pamoja na nyumba ya kiwanda, na ningependa aanze tarehe 2 Juni, au mapema zaidi akiweza.

Kwa nafasi ya pili, naomba utafutaji uanzie kwa watu wa namna yake. Watafute waliofanya kazi kwenye maghala ya stakabadhi, maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, vyama vya ushirika vya mazao, na kampuni za ukaguzi wa shehena, hasa waliopeleka mahindi Kenya. Tangu Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa muda mwezi Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, waliobaki katika biashara hiyo walilazimika kujifunza kuchota na kutunza kumbukumbu kwa nidhamu. Stashahada ya kilimo, ya chakula au ya uhifadhi wa mazao inatosha. Shahada isiwe sharti, na naomba uiondoe kwenye tangazo, kwa kuwa naamini imewafukuza wengi kabla hawajatufikia.

Unapowachuja kwa simu, waulize jambo moja kabla ya mengine yote: wakueleze mara ya mwisho walipokataa mzigo, ulikuwa wa nani, na nini kilitokea baada ya hapo. Aliyekataa kweli atakutajia zao, hali ya hewa, na maneno aliyoambiwa na mwenye mali. Asiyewahi kukataa atakusomea utaratibu. Ukipata nafasi ya swali la pili, muulize angechota magunia mangapi katika lori la 300 na kwa nini. Sitarajii namba fulani, ingawa sisi huanzia 18; nataka kusikia kwamba anafikiria magunia asiyoyaona. Mweleze pia mshahara, kati ya 950,000 na 1,200,000, na kwamba kituo ni Kibaigwa, zamu ni za usiku na mchana wakati wa msimu, na vumbi ni jingi. Anayesita hapo tumwache kwa heshima.

Jambo la mwisho ni zito kwangu. Kwenye maelezo yako ya waombaji wawili uliandika kwamba mmoja ameolewa na ana mtoto mchanga, na kwamba mwingine huenda asimudu usiku kwa kuwa ni mwanamke. Najua ulitaka kunisaidia, lakini naomba maelezo hayo yasije tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakataza ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa, na pia si kweli kwa kazi hii. Msimamizi wangu wa zamu ya usiku kwa misimu mitatu sasa ni mama wa watoto wawili, na hakuna dalali anayependa kumkuta kwenye mizani. Vilevile usiniambatanishie nakala za vitambulisho vya taifa katika hatua ya orodha fupi, kwa sababu sizihitaji hadi tutakapoandika mkataba.

Nitafurahi nikipata majina matatu au manne kufikia Ijumaa ijayo. Wakiwa wawili tu walio sahihi, nitumie hao wawili. Waombaji tusioendelea nao naomba wajulishwe wiki hii. Yule wa kwanza mwambie maneno yangu kuhusu nafasi ya maabara, na yule wa tatu mweleze kwamba tutampa jibu kabla ya mwisho wa Mei.

Wako katika kazi,

Emanuel
Mkuu wa Idara ya Ubora na Usalama wa Chakula