Menyu ya Mwezi wa Ramadhani: Futari, Chakula cha Usiku na Daku

Ramadhani Mubarak, mgeni wetu. Karibu.

Menyu hii inaanza kutumika jioni ya funga ya kwanza hadi usiku wa kuamkia Idi, iwe mwezi una siku 29 au 30. Chakula chote ni halali. Nyama na kuku vimechinjwa kwa taratibu za Kiislamu, na hakuna kileo wala mvinyo unaoingia kwenye mapishi, mchuzi au keki. Jeli za watoto zimetengenezwa kwa mwani.

SAA ZA KULA

Futari ni kwa adhana ya Magharibi. Siku za mwanzo adhana iko karibu na saa 12:45 jioni, na kadiri mwezi unavyokwenda inarudi nyuma hadi karibu na saa 12:30. Saa kamili ya kila siku imebandikwa kwenye lifti na mapokezi. Tafadhali fuata hiyo, si saa ya simu iliyowekwa kwa mji mwingine. Milango ya mgahawa inafunguliwa nusu saa kabla ya adhana. Meza ya futari inabaki wazi hadi saa 2:00 usiku.

Jambo moja tunaomba mlielewe mapema. Wahudumu na wapishi wetu wengi nao wamefunga, na adhana ikilia wanafungua. Kwa hiyo tende, maji, uji na sambusa vinakuwa mezani kwako tayari, na kwa dakika 15 hivi hakuna atakayepita kuchukua oda. Baada ya hapo wanarudi wote. Chumba cha kuswalia kipo upande wa kushoto wa mgahawa, misala ipo, na mahali pa kutawadha ni mlango unaofuata.

Chakula cha usiku, yaani kile kizito, kinaanza saa 1:30 usiku hadi saa 4:30. Anayekwenda tarawehe asiwe na wasiwasi: mwambie mhudumu kabla hujatoka, na sahani yako itawekwa hadi saa 5:30 usiku, ipashwe moto ukifika.

Daku inafunguliwa saa 8:30 usiku. Oda ya mwisho ni saa 10:30 alfajiri, na meza inaondolewa dakika 10 kabla ya adhana ya Alfajiri. Kuanzia usiku wa 21 tunafungua saa 8:00 kamili, kwa ajili ya wanaokesha kwenye ibada.

Mchana jikoni hapalali. Msafiri, mgonjwa, mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto na mgeni asiyefunga wanapata chakula cha mchana kwenye chumba cha ndani, saa 6:30 hadi saa 9:00, au chumbani kwao. Hakuna atakayekuuliza kwa nini hukufunga.

KUFUNGUA

Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifungua kwa tende mbivu kabla ya kuswali. Zikikosekana, kwa tende kavu. Zikikosekana nazo, kwa mafunda ya maji. Nasi tunaanza hivyo hivyo.

Tende mbivu na tende kavu. Za kujaza lozi zina sahani yake peke yake, pembeni, kwa ajili ya wasiopatana na njugu.
Maji ya kawaida na maji ya baridi.
Maziwa ya vuguvugu yenye iliki.
Uji wa mchele wenye pilipili manga na tangawizi. Mwepesi, hauelemei tumbo lililokaa wazi kutwa.
Supu ya adesi na ndimu.
Sambusa za nyama, za kuku na za mboga. Za mboga zina kikunjo cha pembe nne ili zisichanganyike na nyingine.
Katlesi za samaki, bajia za dengu na chatine ya ukwaju.

Dua ya kufungulia, kwa anayependa kuisoma hapa mezani: Dhahaba dhwamau, wabtallatil uruuqu, wa thabatal ajru, inshaallah. Kiu imeondoka, mishipa imelowa, na ujira umethibiti, Mungu akipenda.

CHAKULA CHA USIKU

Boko boko. Hiki ndicho chakula tunachokionea fahari. Ngano inalowekwa tangu usiku uliotangulia, inawekwa motoni na nyama ya mbuzi baada ya Adhuhuri, na inasongwa kwa mwiko hadi huwezi tena kuitenga nyama na ngano. Inapakuliwa ikiwa ya moto, inafukuliwa shimo dogo katikati, na samli yenye mdalasini inamiminwa humo mbele yako. Kuna sufuria moja tu kila siku, mbili siku ya Ijumaa. Ikiisha, imeisha.

Biriani ya mbuzi au ya kuku, mchele na rojo mbali mbali. Mwambie mhudumu kiasi cha pilipili.
Pilau ya nyama ya ng'ombe na kachumbari.
Kababu za kuchoma makaani, mkate wa moto, humusi ya dengu na ufuta.
Samaki mzima wa kuoka kwa ndimu na kitunguu saumu. Oda kabla ya saa 10:00 jioni, kwa sababu hatuweki samaki wa akiba.
Bamia kwa nyanya, na bilingani za kukaanga zenye mtindi. Hazina nyama, na sufuria zake hazipikiwi nyama.
Saladi ya fatushi, yenye vipande vya mkate mkavu. Kwa asiyekula ngano, omba isiyo na mkate.

Ushauri wa mpishi, bila kulazimishwa: ukishafungua, swali kwanza, kisha urudi kwenye biriani. Haitakimbia.

VITAMU NA VINYWAJI

Kaimati zinakaangwa mbele ya macho yako kuanzia saa 1:30, zinatumbukizwa kwenye shira ya iliki zikiwa bado zinachoma vidole. Zina hamira na unga wa ngano. Tambi za sukari zenye zabibu kavu. Ndani yake mna maziwa. Kunafa ya jibini. Halua na kahawa tungu. Matunda ya kukatwa kwa anayejihadhari na sukari.

Sharubati ya ukwaju, sharubati ya aprikoti kavu na juisi ya rozela zinatolewa zikiwa na sukari kidogo au bila sukari kabisa. Chai ya maziwa na chai ya rangi zipo usiku kucha.

DAKU

Imepokewa kutoka kwa Mtume kwamba tule daku, kwani ndani yake mna baraka. Meza yetu ya daku imepangwa kwa chakula kinachokaa tumboni: shayiri kwa maziwa na tende, mayai ya kuchemsha au ya kukaanga, maharage, chapati na mkate wa ngano isiyokobolewa, mtindi, tango, ndizi na karanga. Chumvi na pilipili tumezipunguza kwa makusudi, maana kiu ya mchana huanzia kwenye sahani ya daku. Atakaye pilipili iko mezani.

Usiyetaka kushuka, Mfuko wa Daku unaletwa mlangoni saa uliyotaja: mayai mawili, chapati mbili, mtindi, ndizi, tende tatu na chupa ya maji. Agiza kabla ya saa 5:00 usiku. Mhudumu atagonga mara mbili, na usipoitika atapiga simu ya chumbani mara moja. Baada ya hapo atakuachia mfuko kwenye kitasa.

SETI NA OFA MAALUMU

Bei kamili ya futari ya mtu mmoja imeandikwa kwenye kadi iliyo mezani na mapokezi. Ofa zote hapa chini zinapimwa kwa bei hiyo, na kodi na huduma zimo ndani yake.

Seti ya Mmoja. Tende tatu, uji au supu, sambusa mbili, chakula kimoja cha usiku cha chaguo lako, kaimati na kinywaji kimoja. Inafaa pia kwa anayetaka kula chumbani. Kupelekewa hakuongezi malipo.

Sinia ya Wanne. Sinia moja la kula pamoja, pilau au biriani, kababu nane, saladi, kaimati na jagi la sharubati. Mnalipia watatu na nusu.

Sinia la Jamaa. Watu wanane mnalipia saba. Ndani yake mna boko boko ya kutosha wote, iliyohifadhiwa kwa jina lenu, hivyo hamtaipata imeisha. Oda kabla ya saa 6:00 mchana siku hiyo hiyo.

Watoto. Chini ya miaka 6 hawalipi. Miaka 6 hadi 12 nusu bei. Mtoto aliyefunga siku hiyo, hata kama ni hadi Adhuhuri tu, anapewa sahani yake ya kaimati na juisi bila malipo. Neno lake linatosha.

Waliolipia chumba na kifungua kinywa. Mnaweza kubadilisha kifungua kinywa kwa daku, siku moja moja au mwezi mzima, bila nyongeza. Waambie mapokezi kabla ya saa 3:00 usiku uliotangulia.

Waliolipia chumba, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Futari na chakula cha usiku vyote viwili vimo. Mkimwalika mgeni kutoka nje, mgeni wa kwanza kila wiki analipa nusu.

Kufuturisha. Ukilipia seti moja ya ziada kwa nusu bei, tunaipeleka kwa walinzi, madereva na mafundi walio zamu nje wakati wa adhana. Sema tu idadi. Jina lako halitajwi, labda utake mwenyewe.

Ofa mbili haziunganishwi kwenye meza moja, isipokuwa ya watoto, ambayo inakwenda na yoyote.

KUWEKA NAFASI

Kwa simu ya chumbani bonyeza 7, au ongea na mapokezi. Siku za Ijumaa na kumi la mwisho meza hujaa, hivyo weka nafasi siku moja kabla. Meza iliyowekwa inasubiri hadi dakika 20 baada ya adhana, kisha tunampa aliyesimama mlangoni. Kughairi hadi saa 9:00 alasiri hakuna gharama. Sinia la Jamaa likishaanza kupikwa linalipiwa nusu.

Mwenye kisukari, presha au dawa za saa maalumu, na asiyepatana na maziwa, mayai, ngano, ufuta au njugu, tafadhali amweleze mkuu wa zamu kabla ya adhana, jiko likiwa bado na nafasi ya kukupikia peke yako. Mzio wa karanga usiuache hadi chakula kifike mezani.

ASUBUHI YA IDI

Mwezi ukiandama, daku inafungwa na menyu hii inaisha. Asubuhi yake, kuanzia saa 12:00, kuna tende, chai ya maziwa, maandazi na tambi kwenye ukumbi wa chini, kwa kila mgeni na bila malipo, ili ule kidogo kabla ya kwenda kuswali. Kifungua kinywa kamili kinaanza saa 2:30, watu wakirudi. Mwezi usipoandama jioni ya siku ya 29, tutagonga milango ya walioagiza daku kama kawaida.