Maneno mapya ya jalada la nyuma: "Mbuyu Namba 19"

Mwalimu, shikamoo.

Jalada linaingia mtamboni Jumatatu, kwa hiyo nakuomba usome haya leo. Maneno ya nyuma tuliyokubaliana mwezi uliopita nimeyaandika upya. Ya zamani haya hapa:

"Mwaka 1948 Lameki, kijana wa Kigogo, anapata kazi ya kuendesha katapila katika mradi wa karanga wa Kongwa. Baba yake mdogo Chilewa, aliyemlea, anamkataza kung'oa mbuyu mkubwa wa kijiji. Lameki anakaidi, anauangusha, na ndani ya shina anakuta mifupa ya baba yake ambaye watu waliamini alifia vitani Burma. Anagundua kuwa Chilewa alimuua kaka yake kwa ajili ya ng'ombe. Sechelela, mchumba wake, anamsihi asilipe kisasi, na hatimaye Chilewa anakiri mbele ya wazee. Mwaka 1951 mradi unafungwa, nao wawili wanaoana na kuhamia Dodoma mjini."

Jumapili nilimpelekea mama mdogo jalada la sampuli, kule Nkuhungu. Ni msomaji kwelikweli, riwaya haimalizi siku tatu mkononi mwake. Akaligeuza, akasoma nyuma, akasema, "Kumbe ni baba yake mdogo aliyemuua." Akaliweka juu ya meza, akarudi kuchambua mlenda wake. Hakuuliza kitabu kinatoka lini. Niliumia, Mwalimu, kwa sababu sura ya kumi na moja, pale tingatinga linapopasua shina na vumbi kutulia, niliisoma usiku nikashindwa kulala. Tumemnyima usiku ule.

Sasa soma haya:

"Kongwa, 1948. Waingereza wanataka mafuta ya karanga, na mibuyu iliyowapa kivuli mababu wa mababu imepakwa namba kwa chokaa, inasubiri kuangushwa.

Lameki ana miaka ishirini na mmoja, kijana pekee wa kijiji chake anayeendesha katapila. Kila shilingi anayopata anaiweka kwa ajili ya ng'ombe wa mahari ya Sechelela. Baba yake alikwenda kupigana Burma, hakurudi. Amelelewa na baba yake mdogo, Chilewa, mtu mpole ambaye hajawahi kumpandishia sauti.

Miti kumi na minane imeanguka, na Chilewa hakusema neno.

Asubuhi ya mti wa kumi na tisa anakuja mbio, miguu mitupu, na kujilaza chini mbele ya mashine.

Lameki anazima injini. Msimamizi amewapa saa moja."

Nimeishia hapo makusudi. Kitu kimoja tu kinabaki mdomoni mwa msomaji: mzee huyu ana nini na mti huu? Swali hilo sikuliandika. Ukiandika "Je, Lameki ataukata?" unakuwa umemtafunia. Na upole wa Chilewa nimeuweka mbele kwa sababu ndivyo wewe mwenyewe ulivyomchora sura kumi za mwanzo. Msomaji ampende kwanza, kama tulivyompenda sisi.

Burma nimeiacha, ila imekaa kama jambo lililokwisha, sentensi moja kavu. Mtu ataipita. Akifika sura ya kumi na moja ataikumbuka, na huenda akafunga kitabu kidogo arudie kusoma jalada.

Ulisema usingependa kuondoa 1951. Nimeuondoa, lakini si kwa sababu ni siri. Kila aliyesoma historia shuleni anajua mradi ule ulishindwa: mvua ziligoma, udongo uliganda kama saruji, na mizizi ya vichaka ilivunja vyuma. Kuanguka kwa mradi hakuharibu chochote kwa msomaji. Kinachoharibu ni kumwambia kwamba Lameki na Sechelela walikuwa pamoja mwaka huo, maana katikati ya kitabu kuna kurasa nzima ambazo tunapaswa kuhofia kwamba hawatakuwa. Ndoa yao iache ndani.

Dibaji nayo inataja "mifupa ile" katika aya ya pili. Naomba tuseme "kilichopatikana", inatosha.

Neno moja tu linanisumbua. Nimeandika "msimamizi", lakini katika hadithi vijana wanamwita nyapara. Kwa jalada naona "nyapara" lina uzito zaidi, lina jasho na kiboko ndani yake, ila nahofia msomaji kijana wa leo hatalielewa. Marehemu baba yako alifanya kazi pale, wewe umelisikia likitamkwa nyumbani. Nichagulie, kisha nitumie jibu kabla ya Ijumaa jioni.