Kamba ya Maji Marefu
Maneno ya msomaji, filamu ya kuchangisha, dakika 6

[Ufukwe, saa 3 asubuhi, siku ya bamvua. Upepo peke yake kwa sekunde 5, ndipo msomaji aanze. Polepole.]

Maji yametoka. Mwezi ni wa 16, na siku za bamvua bahari hujivuta mbali hapa kwetu Pemba, upande wa Micheweni, hata mahali palipokuwa na ngalawa usiku sasa unapita kwa miguu.

Mama unayemwona ana saa 3 hivi za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Wenzake humwita Somo, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Jina lake kamili na la kijiji chake ametaka yabaki kwake.

[Mikono, kwa karibu. Nyamaza kidogo.]

Tazama vidole vyake. Anamega mbegu ya mwani, kiasi cha ngumi ya mtoto, anaipitisha kwenye tai-tai, kijikamba cha kufungia mwani, anavuta mara moja. Fundo halikazi mwani ukakatika, wala halilegei ukachukuliwa na maji. Anasogea shibiri moja, anafunga jingine. Kamba moja, mafundo kwa mafundo, vigingi viwili mwanzo na mwisho. Kazi hii ameanza mwaka 1996, na wasichana wengi wa pwani hii wamejifunzia kwake.

Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, kikaja Pemba muda mfupi baadaye. Wakulima wengi ni wanawake. Mwani ukikaushwa husafirishwa nje, huko hutolewa kitu cha kugandisha vyakula na kuvifanya vizito, kikaingia kwenye aiskrimu, maziwa, hata dawa ya meno. Huenda asubuhi ya leo umepiga mswaki kwa jasho la mtu kama Somo.

Mwani unaolimwa ni wa aina mbili. Spinosamu ni mgumu, unavumilia. Kotonii ndio wenye bei, lakini hautaki joto. Kaskazi ikikaa, jua likapiga kwenye maji ya kina kifupi, kotonii hugeuka mweupe, hulainika kama ugali uliomwagikiwa maji, ukaugusa ukakatika.

[Somo anazungumza mwenyewe. Usiseme juu ya sauti yake.]

SOMO: Unakuja asubuhi kamba zote nyeupe. Mwezi mzima umeinama, mgongo huu, halafu huvuni hata gunia. Nilirudi nikapanda spinosamu. Lakini kotonii haujafa bahari nzima. Nje kule, maji yanakokuwa baridi, upo. Mie maji yakinifika kifuani hurudi. Sijui kuogelea, na roho naipenda.

[Bahari kutoka juu: maji ya kijani karibu, buluu mbele.]

Kutoka kijani mpaka buluu ni mwendo mfupi kwa chombo. Kwa miguu haufikiki. Wanawake 22 wa kikundi cha Somo wote wamekulia kando ya bahari, na ni wawili tu wanaojua kuogelea. Mtoto wa kike hapa hufundishwa kuokota chaza na kutanda dagaa. Kuogelea kuliachiwa kaka zake.

Hili ndilo tunalokuomba utusaidie.

Kikundi kinataka kulima kwenye maji marefu kwa neti za mrija. Neti hushonwa ndefu kama mkono wa kanzu, mbegu husukumwa ndani kwa kipande cha bomba la plastiki, halafu neti hutandikwa baharini kwa nanga na maboya. Mwani hukaa ndani, mawimbi hayaung'oi. Ni lazima tuseme pia: upepo wa kusi ukikaza, neti hukatika, na mwani utapotea siku nyingine. Somo analijua hilo kuliko sisi. Ametaka tuliseme, ili mtu asichangie kwa kudhani kwamba mwaka mmoja utamaliza kila kitu.

[Mahesabu yaonekane kwenye skrini. Soma kwa sauti ya kawaida.]

Mashua ya mbao ya futi 24, inayoundwa na fundi wa hapa hapa, pamoja na mashine yake: shilingi milioni 11. Jaketi okozi 22: milioni 1 na laki 3 na elfu 20. Walimu wawili wa kuogelea kwa miezi mitatu, wote wanawake, kwenye hori lililojificha, ili mtu aingie majini na nguo zake za heshima bila kutazamwa: milioni 1 na laki 8. Nanga, maboya na kamba: milioni 2 na laki 8 na elfu 80. Jumla ni milioni 17.

Wanakikundi wameshatoa elfu 70 kila mmoja, kutoka kwenye hisa zao. Hiyo ni milioni 1 na laki 5 na elfu 40. Kilichobaki ni milioni 15 na laki 4 na elfu 60.

Fedha zisipotimia, tutaanza na mafunzo na jaketi, maana hayo hayasubiri mashua. Zikitimia, mashua itaandikwa jina la kikundi, na risiti zitabandikwa kwenye mlango wa ghala lao. Baada ya miezi sita tutarudi hapa na kamera, tuwaonyeshe kilichofanyika na kilichoshindikana.

[Somo anacheka na wenzake ukingoni. Acha wasikike.]

Kabla hatujawasha kamera, Somo alituwekea masharti. Watoto wake wasipigwe picha. Nyumbani kwake tusiingie. Na filamu ikikamilika aione yeye mwanzo, na akitaka kitu kitoke, kitoke. Ameiona mara mbili. Palikuwa na kipande anazungumzia msiba wa nyumbani kwake. Alikisema kwa ridhaa, lakini alipokitazama akasema, hiki ni chetu. Tumekitoa. Siku mbili tulizomsimamisha shambani tumemlipa kama siku za kazi, na fedha hizo hazitatoka kwenye mchango wako.

[Namba ya kuchangia chini ya skrini, ibaki mpaka mwisho.]

Unaweza kuchangia kwa simu. Namba iko chini. Kama uko Dar, Mombasa, Maskati au Dubai, na ulikulia kwenye nyumba iliyosomeshwa kwa mwani au karafuu, unajua vyema fedha ya shule hutoka wapi. Elfu 60 ni jaketi moja. Elfu 5 pia inapokewa, na jina lako litaandikwa kwenye daftari la kikundi kama ukipenda. Usipokuwa nacho sasa, mpe mwenzio filamu hii aione.

[Maji yanaingia. Wanawake wanarudi nchi kavu na magunia kichwani.]

Maji yameanza kujaa. Mwani uliovunwa leo utatandazwa kwenye uchanja, na mvua ikija utafunikwa haraka, kwani ukinyeshewa rangi hupotea na bei hushuka.

SOMO: Waambie neti tumeshashona. Arubaini. Zimo ghalani, zimekunjwa, na mabomba ya kusukumia mbegu tumeshayakata. Fundi nimemwendea mwenyewe, kasema mbao za mashua anazo, akipata nusu ya fedha anaanza kesho yake.

[Picha ibaki kwenye neti zilizokunjwa ghalani, moja juu ya moja. Namba ikae sekunde 10. Hakuna muziki.]