Reli ya Kati: mpango wa wapiganaji wanne, majibu yao na udhaifu wao

Rasimu ya pili, kwa wachoraji, waandishi wa programu na wajaribu wa Tabora na Kigoma.

Gemu inakwenda fremu 60 kwa sekunde. Uhai ni 1,000 kwa wote, isipokuwa Maganga mwenye 1,100. Kuruka ni fremu 42, nne za kwanza miguu ikiwa bado chini. Mshiko wa kawaida huanza fremu ya 5. Msingi haubadiliki: pigo linavunja mshiko, mshiko unavunja kinga, kinga inazuia pigo. Mitindo yote minne ni namna ya kupotosha moja ya sheria hizo tatu, na kila aliyepewa upotoshaji analipa mahali ambapo mpinzani anaweza kupafikia. Kupunguza nguvu ya pigo si udhaifu. Ni kurefusha raundi tu.

Maganga, mpagazi. Mnyamwezi wa misafara ya pembe kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Mshiko wake mkubwa huanza fremu ya 7, haukatiki, unakula 220. Akiukosa anabaki wazi fremu 50, kwa hiyo kumruka ndilo jibu. Anatembea polepole kuliko wote. Ana "kifua": anasonga robo ya jukwaa akipokea pigo moja bila kukatizwa, fremu ya 4 hadi 20. Pigo la pili linamsimamisha, na mshiko unamkamata licha ya kifua.

Nyamizi, mrina asali. Anapiga kwa mbali. Kundi la nyuki hutoka fremu ya 14, tendo zima fremu 48. Anayeruka humfikia karibu na fremu ya 34 ya mruko wake, hivyo akiruka ndani ya fremu 12 za mwanzo anampata. Hapo ni kubashiri, maana jicho na kidole vinataka fremu 15 au zaidi. Anayesubiri kuona nyuki ndipo aruke amechelewa, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Moshi wa mwenge unagonga mara mbili chini, ndio dawa ya kifua cha Maganga. Akibanwa ukutani hana pigo la kujiokoa. Msimpe, hata wajaribu wakilalamika.

Karabai, mvuvi wa dagaa. Kasia lake linafika theluthi ya jukwaa, fremu ya 11. Akikosa, marejeo ni fremu 22, na mkono ulionyooshwa unapigika. Wavu unarushwa juu, fremu 26. Ndani ya hatua moja pigo lake la haraka kuliko yote ni fremu 8, ambalo ni la mwisho kwa kasi kati ya wote wanne.

Shija, rugaruga. Kikosi cha Mirambo. Pigo lake jepesi ni fremu 4, ana mbio, na anateleza chini ya nyuki. Mapigo yake ya kuingia yakikingwa lazima yawe hasi 8 au zaidi, yaani yamwache nyuma ya aliyekinga kwa fremu 8 au zaidi, ili hata Karabai aweze kuadhibu. Kasoro hujificha hapa: namba inasema hasi 8, lakini kinga inamsukuma Shija nje ya mkono wa mpinzani, basi haadhibiki. Pimeni umbali baada ya kinga, si fremu peke yake.

Matarajio kwa mechi 10, mwenye mstari dhidi ya mwenye safu:

| | Maganga | Nyamizi | Karabai | Shija |
|---|---|---|---|---|
| Maganga | – | 4 | 6 | 5 |
| Nyamizi | 6 | – | 5 | 4 |
| Karabai | 4 | 5 | – | 6 |
| Shija | 5 | 6 | 4 | – |

Kasia hugonga mara moja tu, ndiyo maana kifua kinampita Karabai. Msiliongezee pigo la pili. Maganga atakosa mtu wa kumwonea, na Karabai atabaki bila adui.

Ikifika 7 kwa 3, tafuteni tendo moja linalosababisha kabla ya kugusa uhai au nguvu. Mkipunguza nguvu ya nyuki kwa ajili ya Maganga, mnamharibia Nyamizi kwa Shija pia, ambako tayari yuko chini. Badilisheni marejeo, fremu mbili kwa wakati, kisha mjaribu jozi zote tatu za mhusika huyo. Kila jozi ichezwe raundi 30, wachezaji wakibadilishana wahusika katikati, la sivyo mnapima watu.

Mapigo ya juu ya kuvunja kinga ya kuchuchumaa yasiwe chini ya fremu 24. Mechi za Tabora na Kigoma zinachezwa kwa simu, na kuchelewa kwa mtandao kunakula fremu kadhaa za mwenye kukinga.

Majukwaa ya stesheni ya Kigoma, soko la Ujiji na sitaha ya MV Liemba yawe na upana mmoja. Jukwaa pana kidogo tu linampa Nyamizi kundi moja la nyuki la ziada, na jedwali lote hapo juu linaharibika.